Dola imepanda na mzigo wa zamani bado upo stoo: nipandishe bei lini, na kwa kiasi gani, wateja wasinikimbie?

Mama Vyombo, Makoroboi

Wakuu habari za jioni. Nina duka la vifaa vya umeme vya nyumbani hapa Mwanza mjini, upande wa Makoroboi. Blenda, pasi, majagi ya kuchemshia maji, feni. Rejareja ipo, ila sehemu kubwa ya mauzo ni jumla kwa wenye maduka ya Sengerema, Geita na Ukerewe. Mzigo tunaagiza China kwa kuchangia kontena, tunautoa Dar, unapanda lori mpaka huku.

Mzigo nilionao sasa niliulipia dola ikiwa 2,450. Wiki hii nimeenda benki kwa ajili ya oda inayofuata, wananiuzia dola kwa 2,650. Blenda ndiyo inayotoka sana, naiuza 88,000. Nikiangalia daftari bado naona faida. Majirani zangu wa biashara ileile hawajagusa bei mpaka leo. Nikipandisha peke yangu, mteja anahamia duka la pili. Nisipopandisha, naogopa nakata mtaji huku nikijiona nauza. Wenye uzoefu naomba mnishike mkono, na naomba hesabu, siyo moyo tu.

Kijana wa Igoma

Dada hapo hakuna cha kufikiri sana. Kutoka 2,450 kwenda 2,650 ni kama asilimia 8. Kesho asubuhi pandisha kila kitu dukani asilimia 8, umemaliza. Na kama unataka usisumbuke tena, andika bei kwa dola, mteja alipe shilingi kwa bei ya siku hiyo. Ikipanda imepanda, ikishuka imeshuka.

Mwalimu Nyegezi

Mimi ni mnunuzi tu, lakini niseme. Huo mzigo uliopo stoo ulinunuliwa kwa bei ya zamani. Kwa nini mimi nilipe bei mpya kwa kitu ambacho hakijakugharimu zaidi hata shilingi moja? Mzigo mpya ukifika, pandisha, tutaelewa. Kupandisha leo ni kutuonea. Tena dola ikishuka hatujawahi kuona mnashusha siku hiyohiyo.

Mzee wa Stoo

Mama Vyombo, kabla sijasema kitu niletee hesabu ya hiyo blenda moja. Kiwandani na meli mpaka Dar ni dola ngapi, ushuru asilimia ngapi, VAT unarudishiwa au inabaki kwako, na lori na upakuaji vinakula kiasi gani kwa kipande. Na pango, mshahara, umeme na mengineyo kwa mwezi, ukigawa kwa vipande unavyouza.

Kuhusu bei kwa dola, Kijana wa Igoma, usimpeleke mwenzako pabaya. Tangu Machi 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa hapa nchini. Dola iwe kwenye daftari lako la hesabu. Kwenye rafu ni shilingi.

Mama Vyombo, Makoroboi

Shikamoo mzee wangu. Blenda pamoja na meli na bima mpaka Dar ni dola 20. Ushuru wa forodha 25%. VAT 18% sirudishiwi, sijasajiliwa, kwa hiyo inabaki kwangu. Wakala wa forodha, lori na vijana wa kupakua ni 4,725 kwa kipande. Kuna tozo nyingine ndogondogo za forodha, hizo sijaziweka. Gharama za duka nikizigawa ni kama 7,500 kwa blenda moja. Mauzo kwa mwezi ni blenda 40 hivi.

Mzee wa Stoo

Marahaba mwanangu. Sasa tunaongea.

Kwa dola ya 2,450, blenda ikifika Dar ni 49,000. Weka ushuru 12,250, inakuwa 61,250. VAT inapigwa juu ya hiyo 61,250, ni 11,025. Jumla 72,275, ongeza 4,725 ya kuifikisha Mwanza: 77,000. Hiyo ndiyo iliyo kwenye daftari lako, na ndiyo sababu ukiuza 88,000 unaona 11,000 inabaki.

Fanya hesabu ileile kwa 2,650. Dar ni 53,000, ushuru 13,250, VAT 11,925, lori na wenzake 4,725. Jumla 82,900. Hiyo ndiyo bei ya kuirudisha rafuni blenda uliyouza leo. Imepanda 5,900.

Angalia kitu hapo. Dola imepanda asilimia 8 na ushee, gharama yako imepanda asilimia 7 na ushee. Si sawasawa, kwa sababu lori na vijana wa kupakua wanalipwa kwa shilingi. Kwa blenda tofauti ni ndogo. Kwa kitu kikubwa chenye bei ndogo, mfano mabeseni ya plastiki au feni za kusimama zinazojaza lori, nauli ya humu ndani inachukua sehemu kubwa ya gharama, na hapo asilimia 8 ya Kijana inakuwa kumpandishia mteja bure. Ila usijisahau: nauli nayo inafuata dizeli, na dizeli inanunuliwa kwa dola. EWURA wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo athari ya dola kwenye lori inachelewa kidogo, haipotei.

Na kuna njia fupi ya kukumbuka. Kwa blenda yako, kila dola inapopanda shilingi 100 gharama inaongezeka 2,950. Ni dola 20 mara 100, halafu ushuru na VAT vinapanda juu yake. Andika namba hiyo moja kwa kila bidhaa unayoagiza, ubandike kwenye jalada la daftari. Benki ikikutajia bei mpya, unajua papo hapo blenda imepanda kiasi gani, hata ukiwa kwenye foleni. Tozo ndogondogo ulizoziacha uziingize siku ukitengeneza hiyo namba, nazo zinahesabiwa kwa asilimia.

Jambo lingine: usitumie bei ya dola uliyoisikia redioni. Tumia ile ambayo benki yako inakuuzia kweli. Wastani wanaotangaza Benki Kuu ni mzuri kwa kujua mwelekeo, lakini wewe hununui dola kwa wastani.

Kijana wa Igoma

Sawa mzee, asilimia nimekubali. Ila bado 88,000 iko juu ya 82,900. Hajapata hasara. Ana nafasi ya kusubiri majirani wapandishe kwanza.

Mzee wa Stoo

Anaonekana hajapata hasara. Tuhesabu blenda badala ya shilingi.

Ameuza 40 kwa 88,000, mkononi ana 3,520,000. Daftari linasema mzigo ulimgharimu 3,080,000, gharama za duka 300,000, kwa hiyo faida ni 140,000. Anafurahi. Sasa alipe gharama za duka, abaki na 3,220,000, aende kuagiza. Kwa 82,900 anapata blenda 38. Alianza na 40. Hapo hajala hata shilingi ya hiyo faida. Akiichukua ile 140,000 kwa ajili ya nyumbani, anarudi na blenda 37.

Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia, na haionekani kwenye safu ya faida. Inaonekana stoo. Ukiona mauzo ni yaleyale, deni halijaongezeka, hukuibiwa, na kila oda unayoweka ina vipande vichache kuliko iliyopita, bei yako imebaki nyuma. Watu wengi hapa mjini wamefunga maduka wakidhani ni mzunguko mbaya wa fedha, kumbe walikuwa wanauza vizuri kwa bei ya mwaka jana.

Kwa hiyo sakafu yake leo si 82,900. Ni 82,900 na zile 7,500 za duka: 90,400. Chini ya hapo kila blenda inayotoka inapunguza stoo.

Baharia wa Kirumba

Wakuu samahani naingilia, mimi kesi yangu ni nyingine. Nauza vipuri vya injini za mitumbwi na taa za dagaa, karibu na Mwaloni. Bei nikipandisha wavuvi wananielewa, kwa sababu kila duka linapanda. Kinachoniua ni mali kauli. Mtu wa kambi anachukua propela na plagi na taa wakati giza linaanza, anasema nitalipa dagaa wakitoka. Mwezi ukiwa mpevu hawaingii ziwani, hela hamna. Nalipwa giza linalofuata, wakati mwingine hata lile la baada yake. Namlipisha bei tuliyokubaliana, lakini nikienda dukani Dar kitu kimeshapanda. Sasa hapo sakafu yangu ni ipi?

Mzee wa Stoo

Kaka, swali lako ni zito kuliko la dada. Yeye anauza leo na kulipwa leo. Wewe ukitoa mali kauli, unamkopesha mvuvi shilingi wakati wewe mwenyewe unadaiwa dola.

Sakafu yako ni bei ya kurudisha kitu siku utakayolipwa, siyo siku unayotoa. Hiyo huwezi kuijua, lakini unaweza kupunguza sehemu unayoibahatisha. Mimi nikitoa mali kauli nachukua kwanza nusu au zaidi taslimu, na hiyo hela siilazi. Naenda nayo kuagiza kitu kilekile wiki hiyohiyo. Kilichobaki hatarini ni nusu tu. Na bei ya mali kauli naiweka tofauti na taslimu tangu mwanzo, mteja anaziona zote mbili, anachagua mwenyewe. Usije ukamwongezea mtu bei baada ya kukubaliana. Ukifanya hivyo kambini mara moja, habari inafika Ukerewe kabla yako.

Nansio Rejareja

Mimi ndiye huyo wa Ukerewe mnayemsema, ingawa siyo wa Mama Vyombo. Nawaambia ukweli upande wetu. Bei kupanda siyo kinachonifukuza. Kinachonifukuza ni kupanda kivuko na hela ya blenda kumi kamili, nafika mjini naambiwa imepanda tangu jana, nanunua tisa, na nauli ni ileile. Siku hiyo nazunguka maduka yote kwa hasira. Nikipigiwa simu mapema kwamba kuanzia Jumatatu ni bei fulani, naongeza hela au nakuja kabla.

Halafu kitu kingine. Bei za blenda na pasi nazijua za maduka yote kwa kichwa. Waya, soketi, jagi la akiba la blenda, hivyo sijui hata ni bei gani duka la pili. Naweka tu kwenye mzigo.

Mama Vyombo, Makoroboi

Nansio umenifungua macho. Kwa hiyo mzee, 5,900 yote niiweke kwa mkupuo? Kutoka 88,000 mpaka 94,000 wakati jirani yuko 88,000, naona kama najifukuzia wateja mwenyewe.

Mzee wa Stoo

Hapana, kwa hatua mbili. Lakini hatua ya kwanza isiwe chini ya sakafu. Weka 91,000 sasa. Blenda 40 kwa 91,000 ni 3,640,000, toa 300,000 ya duka, inabaki 3,340,000, unarudisha 40 na chenji kidogo. Hapo huli kitu kwenye blenda, ila stoo haipungui. Hatua ya pili ni 94,000, unaichukua majirani wakishasogea, na watasogea siku watakapoenda benki kama wewe. Aliyeagiza mapema zaidi yako atachelewa kupandisha, aliyeishiwa mzigo atapandisha kabla yako.

Kwa hizo wiki za katikati, faida yako itoke kwenye vile Nansio asivyovijua bei kwa kichwa. Jagi la akiba, waya, soketi, stendi. Navyo vihesabu sakafu yake kimojakimoja, usikisie, lakini vina nafasi ya kubeba zaidi. Blenda na pasi ni vitu ambavyo mteja anavitumia kupima duka lako lote. Ukiwa karibu na jirani kwenye hivyo viwili, wewe ni wa bei nzuri machoni pake.

Nimesema karibu na jirani. Sijasema sawa na jirani. Jirani akikaa 88,000 mwezi mzima, usimfuate. Mwache auze. Blenda anazouza kwa bei hiyo hatazirudisha zote.

Wateja wa jumla wapigie leo. Waambie bei ya 88,000 ni mpaka Jumamosi kwa atakayelipa taslimu, na weka kikomo: mfano vipande kumi na tano kwa wote. Kila kimoja kinakugharimu 2,400 chini ya sakafu, kwa hiyo kumi na tano ni 36,000. Hiyo ni pesa unayotoa kwa kujua, kama ungeitoa kwenye tangazo. Bila kikomo, mtu mmoja anajaza gari, na wewe umemfadhili aje kushindana nawe.

Mwalimu Nyegezi

Nimesoma hesabu ya vipande, nimeielewa, sibishi tena kwamba duka litapungua. Lakini bado swali langu la kushuka halijajibiwa. Mwisho wa 2024 dola ilikuwa juu ya 2,700, ikaporomoka mpaka karibu 2,400 ndani ya muda mfupi tu. Kama kanuni ni bei ya kurudisha kitu rafuni, basi siku ile mlitakiwa kushusha hata kama mlikuwa na mzigo wa bei ghali. Mlishusha?

Mzee wa Stoo

Swali la haki kabisa mwalimu. Wengi hawakushusha, na kwa hoja ileile waliyoikataa wakati wa kupanda: "mzigo huu nilinunua ghali". Huwezi kushika kanuni mbili.

Mimi nashusha, ila kwa hatua, kama ninavyopandisha. Sababu moja ni kwamba ushindani unanilazimisha: anayeagiza dola ikiwa 2,400 atakuja na bei ya chini tu. Sababu ya pili ni kwamba dola inaweza kurudi. Mei 2025 ilikuwa tena inakaribia 2,700. Aliyeshusha bei yote Desemba alipandisha tena baada ya miezi michache, na mteja akamwona mtu asiyejielewa.

Kijana wa Igoma

Hapo mzee sikubaliani nawe. Kupanda unapandisha wiki hiyohiyo mpaka sakafuni, kushuka unasubiri "hatua". Hiyo si usawa. Mimi nauza vipuri vya bodaboda, nachukua Kariakoo, na jumla wangu ananifanyia hivyohivyo. Dola ikipanda ananipigia simu asubuhi, ikishuka simu yake haipatikani.

Mzee wa Stoo

Hapo una hoja na sina jibu la kukumaliza. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kwenye kupanda kuna sakafu ya kunilazimisha, kwenye kushuka hakuna, ni uungwana wangu na jirani yangu. Ila wewe wa Kariakoo usihangaike na bei ya benki. Dola yako ni ile simu ya asubuhi. Kabla hujauza cheni na sproketi za mwisho, piga uulize bei ya leo. Hiyo ndiyo gharama yako ya kurudisha, hata kama dola haijatajwa.

Mutukula Mizigo

Na sisi tunaochukua Kampala je? Mimi nalipa kwa shilingi ya Uganda, napita Mutukula, nauza Mwanza na Bukoba. Dola siigusi kabisa, kwa hiyo naona hainihusu.

Baharia wa Kirumba

Inakuhusu ndugu. Niliwahi kufikiri hivyo kwa vitu vya Kenya vinavyopita Sirari. Unachotakiwa kuangalia ni shilingi yetu dhidi ya ya kwao. Ikishuka yetu peke yake, gharama yako inapanda siku hiyohiyo ukibadilisha pesa mpakani. Zikishuka zote mbili dhidi ya dola, unapata nafuu ya muda, mpaka jumla wa Kampala amalize mzigo wake wa zamani.

Mama Vyombo, Makoroboi

Wakuu nashukuru sana. Nimeshapiga simu kwa wote wa jumla, 88,000 ni mpaka Jumamosi, vipande kumi na tano. Jumatatu ni 91,000. Mmoja wa Geita kalalamika, wengine wamesema sawa, na wa Sengerema kauliza kama akilipa nusu leo nimwekee bei ya zamani mpaka mwisho wa mwezi. Nimekwama kidogo hapo. Na oda mpya nimeshalipa ile asilimia 30 ya mwanzo, 70 nalipa kabla ya kupakia, na ushuru nitalipa meli ikifika.

Mzee wa Stoo

Wa Sengerema: nusu aliyolipa inamshikia bei nusu ya mzigo. Akilipia blenda tano kati ya kumi, tano ni zake kwa 88,000, zitoe kwenye zile kumi na tano, zikae pembeni na jina lake. Tano nyingine ni bei ya siku atakayomalizia. Mwandikie kwenye risiti hivyo hivyo, asije akasahau yeye au kijana wako dukani.

Kuhusu oda, umeona mwenyewe kwamba 82,900 haijafungwa. Kinachojulikana ni ile 30 tu. Ile 70 itakuwa kwa dola ya siku hiyo, na ushuru na VAT vitahesabiwa kwa kiwango cha forodha cha wakati meli imefika. Kama mauzo ya wiki hii yanatosha, nunua dola za ile 70 mapema benki, kidogokidogo, ankara ya kiwanda mkononi. Ukishazilipia, dola yako ya sehemu hiyo imejulikana na unaweza kuandika bei kwa wino.

Mama Vyombo, Makoroboi

Na ikishuka nikiwa nimeshanunua?

Mzee wa Stoo

Utakuwa umelipa zaidi ya jirani, na blenda 40 zitarudi rafuni hivyohivyo. Mimi nalala na hiyo. Kijana wa Igoma nadhani atakwambia usubiri.

Kijana wa Igoma

Ningesubiri, ndiyo. Nusu nunua, nusu subiri.